Siku moja na matangazo mawili ya asali, Tabora

Saa 2 asubuhi. Jaribio limefungwa usiku, naketi na chai na kufungua majibu. Mteja wangu ni mama anayenunua asali Sikonge na kuiuzia Dar es Salaam kwa mabasi. Alitaka kujua picha ipi inauza: chupa mezani penye chai na mkate, au chupa ileile porini chini ya mzinga. Chupa ni picha halisi niliyopiga dukani kwake. Programu ya akili mnemba ilichora mandhari tu. Ukiiachia ichore na chupa, inavuruga maandishi ya lebo na kuigeuza asali yetu nyeusi kuwa ya njano inayong'aa. Hapo unakuwa umebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo, na hutajua kipi kilimvuta mnunuzi. Mzinga nao ulikuja wa sanduku jeupe la kizungu, hadi nilipoandika gogo lililotundikwa juu ya mti.

Kila picha ilipewa shilingi 70,000 kwa siku saba. Nilitumia jaribio la A/B la Facebook, ambalo humwonyesha mtu picha moja tu. Ukiweka matangazo mawili pamoja bila hilo, mtambo hupendelea moja mapema na kulimwagia pesa, lenzake likafa kabla halijaonwa.

Meseji za WhatsApp: mzinga 58, meza 40.

Saa 4. Dukani. Kila tangazo lilikuwa na neno lake kwenye meseji ya kwanza, kwa hiyo tunalinganisha na daftari la mizigo. Waliolipa: mzinga 14, meza 15.

"Sasa wale wengine walitaka nini?" mama anauliza.

Tunasoma meseji moja moja, na hapa ndipo penye utamu. "Mizinga mnauza bei gani?" "Mnafundisha ufugaji?" Picha ya pori iliwaita wafugaji watarajiwa, na mama alikesha akiwajibu.

Saa 7. Hesabu. Najumlisha meseji zote, 98. Kipeuo cha pili ni karibu 10, nakizidisha mara mbili napata 20. Tofauti isipozidi hapo, naihesabu bahati. Yetu ni 18. Kwa oda, tofauti ya moja haina hata la kujadili.

Saa 9. "Kwa hiyo mwanangu, ipi imeshinda?"

"Kwa mauzo, mama, hakuna. Ila meza haikuchoshi."

Hakupenda, maana alishaagiza mabango ya mzinga. Nami siwezi kumpa ushindi usiokuwepo.

Saa 11. Naandaa jozi mpya: meza ileile, lakini moja chupa imejaa fremu nzima, nyingine asali inamiminwa kwenye mkate. Mkono unaomimina umekuja na vidole sita, na asali imekuwa ya njano tena. Nimeutupa, kesho mpwa wa mama atamimina mwenyewe, nami nitapiga picha.