Mtoto Wangu Halali

Mama alikuwa na wimbo wake wa kukunia nazi. Akikaa juu ya mbuzi pale uani kwetu Ngamiani, Tanga, wimbo unaanza, na nazi ikiisha wimbo nao unakoma, hata kama yuko katikati ya neno. Ndiyo maana sikuwahi kuujua mwisho wake. Kiitikio nilichobaki nacho kilikuwa hiki:

Mtoto wangu halali, nangoja mwambaoni,
(hapa sikumbuki), Tanga yako siioni.

Alipofariki nikautaka ule wimbo. Niliandika "mtoto wangu halali" kwenye YouTube nikaletewa bembelezi chungu nzima. Nikaandika "Tanga yako", nikapata nyimbo za kuusifu mji. Ile programu ya simu inayotambua nyimbo nayo haikunisaidia, maana inataka isikie rekodi yenyewe, na mimi nilikuwa na koo langu tu. Wazee niliowauliza, wakisikia taarabu na Tanga katika sentensi moja, walinirudisha kwa Black Star na Lucky Star. Nilisikiliza kila nilichopata cha vikundi hivyo. Haukuwemo. Mzee mmoja aliutambua muziki wake mara moja, akaniambia kwa furaha kwamba ni wa filamu ya Kihindi. Huenda ni kweli, kwani taarabu ya zamani iliazima sana kutoka huko, lakini sauti moja inaweza kuwa imebeba mashairi matatu tofauti.

Aliyenifungua macho ni fundi redio mmoja wa barabara za namba, mtu mzima, mwenye rafu zima la kanda za kaseti nyuma ya kiti chake. Nilimwamkia, nikamwimbia. Hakuniuliza nani kaimba wala mwaka gani. Alihesabu kwa vidole.

"'Mtoto wangu halali' ni nane. 'Tanga yako siioni' ni nane. 'Nangoja mwambaoni' ni saba. Hapo umemeza kitu, mwanangu."

Nikahesabu mwenyewe: na-ngo-ja-mwa-mba-o-ni. Saba kweli. Nikasema basi ni "ninangoja". Akakubali kwamba inakaa, ila hakuridhika. Alisema kile kipande nilichosahau lazima kiishie na "li", kwa sababu vya kwanza vinaishia "li" na vya pili vinaishia "ni", na kwamba yeye angeweka fedha yake kwenye "mbali". Kisha akaniuliza swali ambalo miaka yote sikuwahi kujiuliza: mtu anayengoja pwani anautafutaje mji wa Tanga, naye amesimama Tanga?

Nilinyamaza.

"Hilo ni tanga la jahazi," akasema. "Tanga lako silioni. Hesabu, bado ni nane. Sasa huyu anamngoja mtu wa safari, usiku hapati usingizi. Mtoto anatafuta nini hapo?" Akaurudia mstari wa kwanza polepole, mara mbili, kisha akacheka. "Mato! Mato yangu hayalali. Yanangoja mwambaoni."

Mato ni macho, kwa Kiswahili cha Mombasa na Lamu ambacho washairi wanakipenda hata huku kwetu. Ma-to-ya-ngu-ha-ya-la-li: nane vilevile, na kina kilekile. Hapo ndipo kosa lilipojificha. Kama kipande hicho kingepungua kama kile cha pili, ningekishuku mapema. Na ile "ya" iliyomezwa ilikuwa inayataja macho muda wote.

Kanda aliipata siku ya tatu. Ilikuwa ya harusi ya mtaani, haina jina la kikundi, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu neno moja tu, "Jahazi", yaani neno la kwanza la ubeti wa kwanza. Kwa hiyo hata ningekuwa na kiitikio sahihi, kukitafuta kama jina la wimbo kusingenifikisha popote. Sauti ilikuwa imefifia, lakini kiitikio kilisikika:

Mato yangu hayalali, yanangoja mwambaoni,
Yatazama kule mbali, tanga lako silioni.

Fundi alininyooshea kidole kwenye "mbali". Fedha yake ilisalimika.

Nilimpelekea mama mdogo Makorora asikie, nikamweleza kwa madaha jinsi masikio yangu ya utotoni yalivyogeuza mato kuwa mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Hukusikia vibaya," akasema. "Dada alikuwa akiimba hivyo hivyo, 'mtoto wangu'. Wewe ulikuwa hulali, unamsumbua mpaka alfajiri, akakutia kwenye wimbo."

"Na Tanga yako?"

"Aa, hiyo ya Tanga ni yako mwenyewe."