Hesabu za Jumapili usiku: jinsi dumu la mafuta lilivyoonyesha tatizo

Nina duka la rejareja Kihonda, Morogoro. Nauza vitu vya kawaida vya mtaani: unga, sukari, mchele, mafuta ya kula ya kupima, sabuni, soda, vocha. Ninasaidiwa na binti wa shangazi yangu, anayekaa dukani mchana kutwa wakati mimi nafuata mzigo au nina shughuli nyingine. Kila Jumapili tukishafunga mlango tunakaa wawili na daftari, kama dakika arobaini hivi, tunapitia wiki nzima. Nitaeleza tunavyofanya, kisha nieleze wiki moja ambayo hesabu zilikataa.

Kuhesabu duka zima kila wiki sitaki, na sidhani kuna mtu anaweza kufanya hivyo kwa muda mrefu bila kuchoka akaacha. Tunahesabu vitu kumi na viwili tu, vile vinavyotoka kwa kasi na vile vya kupima. Vilivyobaki tunavigawa kwa rafu: wiki hii rafu ya sabuni, wiki ijayo ya viungo, na kuendelea. Hesabu ya kila kitu ni moja: kilichokuwepo Jumapili iliyopita, ongeza kilichonunuliwa, toa kilichopo sasa. Jibu ndilo lililotoka. Tunalilinganisha na daftari la mauzo.

Bidhaa za pakiti ni rahisi, maana unahesabu kwa macho. Za kupima zina ukurasa wao: kila kipimo kikitoka, binti anapiga kistari. Kilichokopeshwa kinapigiwa kistari na kuandikwa kwenye ukurasa wa madeni. Kilichochukuliwa nyumbani, hata kama ni robo ya sukari, nacho kinapigiwa kistari na kuandikwa upande wa matumizi. Hapo wenye maduka wengi ndipo tunapojidanganya, kwamba cha nyumbani si matumizi.

Baada ya mzigo tunageukia pesa. Tunachukua pesa iliyoachwa kwenye droo wiki iliyopita, tunaongeza mauzo ya taslimu na madeni yaliyolipwa, tunatoa manunuzi na matumizi: umeme, mifuko, bodaboda ya kuleta mzigo. Inayobaki lazima iwe ndani ya droo. Malipo ya lipa namba yana safu yake, na tunayalinganisha na meseji za kwenye simu.

Hizi ni hesabu mbili, na faida yake ni kwamba kila moja inaelekeza kwake. Mzigo ukikubaliana na daftari lakini droo ikapungua, basi ni pesa iliyopotea njia: chenji iliyozidi, matumizi ambayo hayakuandikwa, au mauzo ya lipa namba yaliyoandikwa kama taslimu. Lakini droo ikikubaliana na daftari huku mzigo umepungua, usihangaike na pesa. Kuna bidhaa imetoka bila kuandikwa: mkopo uliosahauliwa, cha nyumbani, wizi, au kipimo.

Wiki ninayoisimulia, droo ilikaa sawa kabisa. Mauzo kwa jumla yalikuwa mazuri, tena yamepanda kidogo. Ningetazama pesa peke yake ningelala kwa amani. Mafuta ndiyo yalikataa.

Tulianza wiki na madumu mawili ya lita 20, tukanunua matatu, tukamaliza na mawili ambayo hayajaguswa. Kwa hiyo yametoka madumu matatu, lita 60. Kwa kipimo cha robo lita hivyo ni vipimo 240. Vistari vya kwenye ukurasa, mikopo na vya nyumbani vikiwemo, vilikuwa 222. Vipimo 18 havionekani. Kwa bei ya shilingi 1,300 tuliyokuwa tunauza, hiyo ni 23,400. Dumu nilikuwa nanunua 84,000, kwa hiyo faida niliyotarajia kwenye madumu matatu ilikuwa 60,000. Nilibaki na 36,600.

Upungufu mdogo siufukuzii. Mafuta hubaki kwenye kuta za dumu, sukari humwagika, na mfuko wa kilo 50 ukiupima kilo kilo hautoi 50 kamili. Kwa dumu moja nakubali kupoteza kipimo kimoja. Sita ni mengi.

Kabla ya kumuuliza mtu chochote nilitazama umbo la upungufu. Wiki ile dumu la kwanza lilikuwa limeisha Jumanne, la pili Alhamisi, la tatu Jumapili, na binti huwa anapiga mstari mnene kwenye ukurasa kila anapofungua dumu jipya. Nikahesabu vistari kati ya mistari: 74, 74, 74. Mwizi hachukui kwa usawa namna hiyo, na anayesahau kuandika hasahau idadi ileile kila dumu. Kitu kinachopunguza kiasi kilekile kila mara ni chombo.

Nikamwambia, "Hebu niletee kipimo."

Akaleta kikombe cha plastiki cha rangi ya bluu. "Dada, kile cha zamani kilipasuka kwenye mkono, kikawa kinavuja. Hiki nilikinunua kwa machinga, akaniambia ni robo."

Tulichukua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, haijafunguliwa. Kwa kipimo cha robo lita inatakiwa ijaze mara sita kamili. Ilijaza mara tano, na mara ya sita ikaishia juu kidogo ya nusu. Ukigawa, kila kikombe kilikuwa kinabeba karibu mililita 270. Na lita 20 ukizigawa kwa 270 unapata 74, ileile ya kwenye daftari. Kila mteja alikuwa anaondoka na nyongeza ya kama vijiko vinne vidogo vya jikoni vilivyojaa.

Jumatatu nilinunua kipimo kingine, nikakijaribu kwa maji kabla hakijagusa mafuta. Dumu lililofuata lilitoa 79. Wateja wawili watatu walilalamika kwamba mafuta yamepunguzwa, na kwa upande wao walikuwa sahihi. Sikubishana nao. Chupa ya maji ikawa inakaa pale kaunta, anayetaka kupima apime. Mmoja alipima kweli, akacheka, akanunua.

Njia hii ina sehemu inapokwama. Bei ikibadilika katikati ya wiki, hesabu zinachanganyika, kwa hiyo siku hiyohiyo tunahesabu kilichopo, tunapiga mstari na kuanza upya kwa bei mpya. Dumu likiwa limefikia nusu siku ya kuhesabu, kukadiria kwa macho hakufai. Nilichukua dumu tupu, nikamimina maji lita tano tano, nikichora alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Linakaa chini ya kaunta, tunaliweka sambamba na lenye mafuta na kusoma. Bado kuna makosa ya lita moja huku au kule, kwa hiyo kwa dumu lililoanzwa nasubiri liishe ndipo niamini namba.

Kwa sasa kinachotusumbua ni mchele. Wiki mbili mfululizo umepungua, lakini si kwa kiasi kimoja: mara kilo mbili, mara karibu tano. Mizani tumeijaribu kwa pakiti ya kilo moja ya chumvi, iko sawa. Jumapili hii tunaanza na ukurasa wa madeni, kisha tunaangalia magunia ya chini kama kuna lililotobolewa na panya.