Nilivyopima uvujaji kwenye dakti kuu ya hewa

Kazi ilikuwa kwenye jengo la ofisi Nairobi, na mashine ya hewa ilisukuma lita 12,000 kwa sekunde. Mkandarasi alitaka mfumo wote uwe daraja A la uvujaji katika mwongozo wa Uingereza wa dakti, DW/144, kwa kuwa ndilo rahisi. Nilikataa kwa upande mmoja tu. Kinachoamua daraja ni shinikizo, si ukubwa wa dakti. Dakti kuu, kutoka kwenye feni hadi visanduku vya kudhibiti hewa kila ghorofa, ingefanya kazi kwa takriban paskali 700, ilhali daraja A linaishia 500. Hapo niliweka B, ambalo hufika 1,000. Baada ya visanduku shinikizo hushuka sana, kwa hiyo A ilitosha, na fedha za silanti ya ziada zikabaki.

Tulipima kabla ya kufunika dakti kwa kizuia joto, maana ukishafunika huoni wala husikii kitu. Kipande cha kwanza kilikuwa cha milimita 1,200 kwa 800, urefu mita 30. Mzunguko wake ni mita 4, hivyo eneo ni mita za mraba 120. Kiwango cha juu cha uvujaji cha daraja B, kwa lita kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, p ikiwa shinikizo kwa paskali, ni:

```
0.009 x p^0.65
```

Kwa paskali 750 tulizochagua kupimia, inatoka 0.665, yaani lita 80 kwa kipande kizima.

Tuliziba ncha na matundu yote, tukaunganisha feni ya kupimia, tukapandisha shinikizo polepole. Kipimo kikasimama kwenye lita 131.

"Injinia, silanti tumepaka kila mahali," fundi mkuu akaniambia. Ni kweli walipaka, lakini kwa nje, juu ya vumbi. Katika dakti ya kusukuma hewa, shinikizo huisukuma silanti ya nje iachane na bati. Tulipitisha mkono, kisha maji ya sabuni, na mapovu mengi yakatoka kwenye pembe za flanji, pale vipande vya kona vinapokutana na fremu. Gasketi haifiki huko. Mengine yalitoka pale fito za kuimarisha zinapotoboa bati.

Kwanza, kabla ya kulaumu dakti, nilikagua vizibo vyetu wenyewe, kwa sababu navyo huvuja na kuharibu hesabu. Kisha flanji zenye mapovu zikafunguliwa, pembe zikafutwa na kujazwa silanti kwa ndani, gasketi mpya zikawekwa. Tukaiacha ikauke kwa muda aliouandika mtengenezaji. Silanti mbichi hutobolewa na hewa.

Mara hii tulisoma lita 58. Tulishikilia shinikizo dakika 15 bila uvujaji kuongezeka, tukazima feni hadi sifuri, tukapandisha tena papo hapo. Haikuzidi 58, nikatia sahihi na kipande kilichofuata kikaanza kuzibwa.