Baraka katika mnada wa mbuzi Nizwa

Ndugu zangu mnaofikiria kuja Oman, neno baraka mmelijua tangu chuoni. Huku mtalikuta sokoni, na pa kulisikia vizuri ni mnada wa mbuzi wa Nizwa, kila Ijumaa asubuhi kabla jua halijawa kali. Wauzaji huwazungusha mbuzi kwenye duara wakinadi bei, na wanunuzi wamechuchumaa kando.

Bei hutanguliwa na salamu. Ukisema "Asalaam alaykum", mzee atakujibu mpaka afike "wabarakatuh". Suratun-Nisaa, aya ya 86, inaamrisha salamu irudishwe kwa iliyo bora zaidi au mfano wake, ndiyo maana anayejibu huongeza rehema, kisha baraka. Na mbuzi wa mtu akikupendeza, usimsifie hivi hivi. Sema "Mashallah, tabarakallah", mwenyewe aone kwamba humtupii mnyama wake jicho la husuda.

Ijumaa moja rafiki yangu alimsimamisha mzee aliyekuwa na mbuzi jike mzuri. Akamfunua mdomo atazame meno, maana ndiyo yanayoonyesha umri, kisha akainama ashike kiwele. Kabla hajakigusa, mzee akamwambia, "Mwanangu, chuchu ya kushoto haitoi maziwa." Alikuwa akitaka riali 90. Wakapatana 75.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakunyamaza, mteja ajionee mwenyewe. Alinijibu kwa Kiswahili safi cha Unguja, alikokulia, akanitajia hadithi ya Hakim bin Hizam iliyomo katika Bukhari na Muslim: muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara hiyo hufutwa. Kwake yeye zile riali 15 hazikupotea. Fedha ya kuficha kasoro, alisema, huingia mfukoni ikatoka kwa maradhi au kwa ugomvi nyumbani, usijue imekwenda wapi. Mimi nimelelewa na wafanyabiashara, na maneno yale yaliniingia.

Fedha ilipokabidhiwa, mzee akasema "Mabruk". Hapo wageni wengi hujibu "shukran" na kunyamaza. Si tusi, lakini jawabu lenyewe ni "Allah yibaarik fiik", yaani unamrudishia dua aliyekuombea. Kwa mwanamke sema "fiiki", kwa watu wengi "fiikum". Utaambiwa mabruk ukipata mtoto, ukihamia nyumba, ukinunua gari, hata ukivaa kanzu mpya kazini, na jawabu ni hilo hilo.

Ila mkikaa na Wamorocco muwe macho. Kwao "baraka" peke yake maana yake ni basi, yatosha. Ukilitamka huku unamiminiwa chai, birika litaondolewa.