Gurudumu la ujumbe wa haraka: nilivyofanya kitufe kimoja kikubali kushikiliwa na kubonyezwa

Gemu ninayoijenga ina gurudumu, yaani menyu ya duara ya kuwatumia wenzako ujumbe mfupi bila kuandika, lenye vipande vinane: "Njoo huku", "Rudi nyuma", "Adui hapa", "Nifunike" na mengine ya aina hiyo. Kulichora ni kazi ndogo. Kazi iko kwenye kitufe. Je, mchezaji ashikilie kitufe, achague, kisha aachie, au abonyeze mara moja gurudumu libaki wazi mpaka atakapochagua? Gemu nyingi zimeegemea kushikilia. Dota 2 inakutaka ushikilie Y, usogeze kipanya kuelekea neno, halafu uachie. GTA V hufungua gurudumu la silaha kwa kushikilia Tab.

Kushikilia kuna faida kubwa: kufungua, kuchagua na kutuma vinakuwa mwendo mmoja, na gurudumu haliwezi kusahaulika likiwa wazi. Tatizo ni kidole. Anayetembea kwa WASD akishikilia Y, kidole cha shahada kinaiacha D, kwa hiyo anatuma ujumbe huku hawezi kukwepa upande wa kulia. Ndiyo maana gurudumu langu nimeliweka V, ambako kidole gumba kinafika bila kugusa vile vingine. Shift niliikwepa kabisa, maana ukiibonyeza mara tano mfululizo Windows inakurushia dirisha la Sticky Keys katikati ya mapigano. Hata hivyo, wapo ambao V nayo haiwasaidii: mwenye maumivu ya vidole, anayecheza kwa mkono mmoja, na mgeni ambaye bado anahitaji sekunde mbili tatu kusoma maneno.

Kwa hao, kubonyeza mara moja ni nafuu, ila kuna gharama yake. Gurudumu likiwa wazi, kipanya ni mali ya gurudumu. Mchezaji akisahau kulifunga halafu apigwe risasi mgongoni, anavuta kipanya ageuke na kamera haitikisiki.

Nilichofanya ni kuziacha njia zote mbili ziishi kwenye kitufe kilekile, na kinachoamua ni wakati wa kuachia. Wengi wanaojaribu mchanganyiko huu hupima muda peke yake: ukiachia kabla ya milisekunde 200 gurudumu linabaki wazi, ukichelewa linatuma. Hapo mchezaji mzoefu anaumia, kwa sababu yeye anabonyeza, anarusha kipanya na kuachia ndani ya milisekunde 120, na gurudumu linamganda usoni badala ya kutuma. Umbali ndio uulizwe kwanza. Katikati ya gurudumu kuna duara tupu la nusu kipenyo cha pikseli 30 ambalo halichagui kitu. Kitufe kikiachiwa kasa, yaani alama ya kipanya kwenye skrini, ikiwa nje ya duara hilo, ujumbe unatumwa, hata kama muda ulikuwa mfupi kiasi gani. Ikiwa ndani, sasa ndiyo naangalia saa: chini ya milisekunde 200 ni mguso, kwa hiyo gurudumu linabaki wazi, zaidi ya hapo mchezaji alishikilia akaghairi, kwa hiyo linafungwa kimya.

```
if (umbali > 30) tuma(kipande);
else if (muda < 200) bakiWazi();
else funga();
```

Kupata kipande ni hesabu ya pembe. Kipande cha kwanza kiko juu kabisa na vingine vinafuata mwendo wa saa, kila kimoja digrii 45. Kwenye skrini mhimili wa wima huongezeka ukishuka, ndiyo sababu ya alama ya kutoa mbele ya `dy`:

```
pembe = atan2(dx, -dy) * 180 / PI;
kipande = floor((pembe + 382.5) / 45) % 8;
```

Ile 382.5 ni 360 ya kuondoa namba hasi, pamoja na 22.5 ya kuhakikisha neno linakaa katikati ya kipande chake badala ya kuanzia kwenye mpaka. Tuchukue kipanya kilichosogea pikseli 60 kulia na 50 juu. Umbali ni kama 78, kwa hiyo tumeshatoka kwenye duara tupu. Pembe ni digrii 50.2. Jumlisha 382.5 upate 432.7, gawanya kwa 45 upate 9.6, chukua 9, na baki yake kwa 8 ni 1: kipande cha juu kulia. Ukiisahau 22.5, mkono unaosukuma kwenda juu moja kwa moja utakuwa unadondokea mara kipande hiki, mara cha jirani, na wachezaji watasema gurudumu "linajichagulia".

Kwenye gemu ya kufyatua risasi hakuna kasa halisi. Unajumlisha mwendo wa kipanya mwenyewe. Jumla hiyo lazima iwekewe kikomo, mimi nimeweka pikseli 100 kutoka katikati. Bila kikomo, mtu aliyevuta kipanya pikseli 600 kulia atalazimika kuzirudisha zote 600 kabla gurudumu halijaelewa kwamba amebadili nia akataka kushoto.

Gurudumu likiwa limebaki wazi, kitufe cha kushoto cha kipanya kinachagua, cha kulia au Esc kinaghairi, na V ikibonyezwa tena inatuma kilichoelekezwa, au inafunga kama kasa iko katikati. Hapa kuna mtego mmoja. Ukiumeza ule mbofyo wa kushoto kama tukio, bunduki yenye kufyatua mfululizo bado itafyatua, kwa sababu yenyewe haisikilizi tukio. Kila fremu inauliza kama kitufe kiko chini, na kwa milisekunde kadhaa baada ya gurudumu kufungwa bado kiko chini. Dalili yake ni risasi moja au mbili zinazotoka kila ujumbe unapotumwa. Dawa ni kuizuia bunduki mpaka kitufe cha kushoto kiachiwe kwanza.

Mtego wa pili ni wa kibodi. Ukishikilia V, mfumo wa kompyuta hurudia kutuma tukio la "imebonyezwa", na kila rudio likihesabiwa kama mbonyezo mpya gurudumu litapepesa wazi na kufungwa. Puuza tukio lolote lenye alama ya kurudia. Halafu kuna Alt+Tab: mchezaji akihama dirisha huku ameshikilia V, tukio la kuachia halifiki kwenye gemu kamwe. Kwa hiyo dirisha likipoteza umakini nafunga gurudumu bila kutuma chochote.

Kwa pedi sheria ni ileile, lakini kijiti kina springi. Mchezaji anapoachia vyote kwa pamoja, kijiti hurudi katikati kabla kidole hakijainuka kwenye kitufe, na programu inaona umbali sifuri, kwa hiyo inaghairi ujumbe ambao mtu alikuwa ameshauchagua. Nahesabu kipande kuwa kimechaguliwa kijiti kikipita 0.6 ya mwendo wake. Kikishuka chini ya 0.4 sifuti chaguo papo hapo, nalitunza kwa milisekunde 150. Anayetaka kughairi kweli anakiacha kijiti katikati kupita muda huo, au anabonyeza B.

Kwenye mipangilio nimeacha chaguo tatu: kushikilia tu, kubonyeza tu, na huu mchanganyiko, ambao ndio unaokuja tangu mwanzo. Anayechagua kubonyeza tu naongezea jambo moja: akipata jeraha gurudumu likiwa wazi, linajifunga lenyewe na kipanya kinarudi kwa kamera kwenye fremu inayofuata. Kwa anayeshikilia silifungi, kwa sababu kidole chake bado kiko juu ya V na huenda anaomba msaada kwa sababu ya jeraha hilohilo.