Skripti mbili, ripoti moja

Nilipewa kazi ya kuandika matangazo mawili ya sauti, kila moja la sekunde 30, kuhusu programu ya simu ya mazoezi ya hesabu. Moja lilikuwa la wanafunzi wa sekondari, jingine la wazazi. Mwenye programu alinikabidhi orodha ya sifa zake akasema nibadilishe lugha tu. Niliisoma nikaona penye kazi si kwenye lugha, ni kwenye ripoti ya wiki.

Kila Jumapili mzazi hutumiwa ujumbe kuhusu mazoezi ya mwanawe. Kwa mzazi, hiyo ndiyo sababu ya kutoa hela. Kwa mwanafunzi, huko ni kuchunguzwa. Na ingawa mzazi ndiye anayelipa, mtoto akiisusa programu, hakuna atakayelipia mwezi wa pili.

Mwenye programu alitaka skripti ya wanafunzi isiitaje ripoti kabisa. Nilikataa. Hawa wanaishi nyumba moja. Mtoto angeijua Jumapili ya kwanza, na hapo angehesabu kwamba sisi na mzazi wake tumemzunguka. Nikaomba nionyeshwe ripoti yenyewe. Ilikuwa na vitu viwili: idadi ya maswali yaliyofanywa na mada zake. Majibu yaliyokosewa hayakuwemo. Basi kwa wanafunzi nikaandika: “Mzazi ataona umefanya mada zipi. Ulipokosea unapaona wewe peke yako.”

Skripti ya wazazi niliianza na swali ambalo kila mzazi analo: “Akisema anasoma kwenye simu, utajuaje?” Ikafuata ripoti, bei ya mwezi, na namna ya kusitisha malipo. Neno “atafaulu”, ambalo mwenye programu alilipenda sana, nililikata. Programu inahesabu mazoezi, mtihani haiujui.

Kabla ya kurekodi nilifanya jambo ambalo hadi leo siliruki: niliwasomea watu skripti isiyo yao. Kijana mmoja aliposikia ya wazazi aliuliza papo hapo, “Kwa hiyo mama ataona nilivyokosa?” Nikaweka maneno “mada alizofanya” palipokuwa na “maendeleo yake”, neno pana mno lililomtisha bure.

Mama yake, naye, alisikiliza ya wanafunzi hadi kwenye sentensi hii: “Ukikwama, haikupi jibu, inakuonyesha hatua ya kwanza, unamalizia mwenyewe.” Akanikatiza. “Kumbe haiwapi majibu? Mbona hilo sisi hamtuambii?”

Nilikuwa nimeiandika kumvutia mtoto anayechoka kukwama, kumbe ilimjibu mama anayeogopa mwanawe ananakili. Nikaihamishia pia kwa wazazi, kwa nafsi ya tatu. Sekunde 30 za Kiswahili kisichokimbizwa hubeba takribani maneno 60, kwa hiyo ilibidi kitu kitoke. Nilitoa idadi ya maswali yaliyomo kwenye programu, maana katika wale wazazi niliowasomea hakuna hata mmoja aliyeiuliza.