Cheti cha shahada kimepotea na mwajiri anataka uhakiki: anza na uhakiki

Cheti changu cha shahada kilipotea wakati wa kuhamisha vitu kutoka Moshi kuja Arusha, na mwajiri mpya alikuwa tayari ameomba kuhakiki elimu yangu. Watu wengi wakikwama hapa hukimbilia kutafuta cheti kingine kwanza, ndipo wapeleke kwa mwajiri. Mimi ningesema geuza mpangilio huo. Uhakiki hausomi karatasi uliyonayo, unasoma daftari la wahitimu lililoko chuoni, na daftari hilo halikupotea. Ukiwa na transkripti, au hata namba ya usajili na mwaka wa kuhitimu tu, chuo kinaweza kumjibu mwajiri wakati cheti mbadala kikiendelea na safari yake ndefu.

Swali la kwanza ni barua iende wapi, na kwa sisi tuliosoma Moshi jibu halipo wazi kama linavyoonekana. Nilisoma Shahada ya Uhasibu na Fedha pale kwenye chuo cha ushirika, nikahitimu 2010. Leo pale panaitwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, lakini hadhi hiyo ya chuo kikuu kamili ilipatikana 2014. Kuanzia 2004 hadi hapo kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine, kwa hiyo shahada za miaka ile zilitolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro. Mwajiri akiandika kwenye barua yake kwamba nina shahada ya Chuo Kikuu cha Ushirika ya mwaka 2010, anauliza kitu ambacho hakikuwepo, na jibu la ukweli linaweza kumtia shaka bure. Waliosoma Mwenge kabla ya 2014 wako hivyohivyo: chuo kilikuwa chini ya Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Angalia juu ya transkripti jina la chuo kilichotunuku, ndilo liandikwe. Mimi nilishauri barua iende Sokoine na nakala ipelekwe Moshi, ambako ndiko nilikosajiliwa na kufanyia mitihani.

Wengine hutuma maombi TCU. Tume inathibitisha kwamba chuo kinatambulika, na inashughulikia ulinganifu wa shahada za nje ya nchi. Kama umesoma Uganda au India, huko ndiko pa kuanzia. Ila kwamba mtu fulani alihitimu chuo fulani cha hapa nchini, mwenye kusema ni chuo chenyewe.

Barua ya uhakiki huandikwa na mwajiri, siyo wewe. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, isainiwe, itoke kwenye baruapepe ya ofisi. Iliyotoka kwenye anwani ya mtu binafsi ina sura ya utapeli, na usishangae ikikaa bila kujibiwa. Ndani yake yawepo majina matatu kama yalivyo chuoni, namba ya usajili, programu, mwaka na daraja la shahada. Daraja liangaliwe vizuri: kwa viwango vya vyuo vyetu, wastani wa 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 3.4 ni la pili la chini. Mtu mwenye 3.4 aliyejaza "la juu" kwenye fomu ya kazi atarudishiwa jibu lisilolingana, na tangu ule uhakiki wa 2017 uliotoa majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti vya kughushi, maafisa utumishi hawana utani na tofauti ndogo.

Ambatanisha nakala ya transkripti, stakabadhi ya ada kama chuo kinatoza, na barua yako ya ridhaa. Ridhaa siyo urembo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na chuo kinachotoa taarifa zako kwa mtu mwingine kina haki ya kuiulizia. Malipo ya chuo cha umma hupitia kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo kwa kawaida huanza na 99. Ukipewa namba ya simu ya mtu ili "aharakishe", achana naye. Jibu nalo litoke chuoni moja kwa moja kwenda kwa mwajiri. Nilipouliza kama naweza kulibeba mwenyewe, afisa utumishi alinijibu kwa upole, "Dada, likipita mikononi mwako tutalazimika kuuliza tena." Ana haki.

Sasa cheti mbadala. Kanuni za vyuo vikuu vingi vya umma zinafanana: hati ya kiapo, ushahidi kwamba upotevu umetangazwa hadharani, ada, na miezi 12 ya kusubiri tangu kilipopotea, ingawa chuo kinaweza kufupisha muda huo ikiwa upotevu umethibitishwa vya kutosha, au kama cheti kimeharibika tu na mabaki unayo. Kitakachotoka kitakuwa na alama kwamba ni nakala.

Kwa kuwa muda unahesabiwa tangu siku ya kupotea, tarehe hiyo ndiyo mshipa wa faili zima. Anza na ripoti ya polisi, ambayo sasa hujazwa mtandaoni kwenye lormis.tpf.go.tz. Kwenye maelezo usiandike "vyeti" tu. Andika cheti cha shahada gani, chuo gani, mwaka gani. Ukishapata namba ya ripoti, nenda nayo kwa wakili ukaapie, ili hati ya kiapo iitaje namba hiyo na tarehe ileile. Ukianza kwa wakili utalazimika kuapa upya. Kwenye kiapo ongeza kifungu kwamba cheti cha awali hakijawekwa rehani popote, na kwamba kikipatikana utakirudisha chuoni.

Tangazo la gazetini liwe fupi. La kwangu lilikwenda hivi:

"KUPOTELEWA NA CHETI. Mimi (majina matatu), natangaza kupotelewa na cheti cha Shahada ya Uhasibu na Fedha kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2010, kati ya Moshi na Arusha. Ripoti ya polisi namba (…). Atakayekiona akifikishe kituo chochote cha polisi."

Namba ya simu sikuweka kwa makusudi. Ukiiweka utapigiwa na watu "waliokiona" wanaotaka nauli kwanza. Taja mahali kilipopotelea, maana kanuni inataka tangazo lifike eneo hilo. Gazeti la kitaifa linalouzwa Arusha na Moshi linatosha. Tangazo likitoka, usikate kile kipande. Hifadhi ukurasa mzima unaoonyesha jina la gazeti na tarehe, kwa sababu kipande kitupu hakithibitishi lilitoka lini.

Kinachorudisha maombi mengi ni majina. Kitambulisho cha taifa kinasema Joyce, transkripti inasema Joice, au jina la ndoa limeingia katikati. Cheti mbadala hutoka kwa jina lililo kwenye daftari la chuo, kwa hiyo kiapo, polisi na gazeti vyote vifuate jina hilo, na tofauti ya kitambulisho ielezwe kwa kiapo kingine cha majina.

Nakala ikitoka, peleka kivuli chake kwa mwajiri kiwekwe pamoja na barua ya uhakiki. Tarehe ya kutolewa na namba ya cheti vinaweza kutofautiana na vilivyokuwa kwenye kile cha zamani, na mkaguzi atakayefungua faili baadaye ataona maelezo yote hapohapo.